Bahasha za kibarua mwenye madeni matatu na kikoba

"Mimi ni saidia fundi hapa Mbagala, nalipwa 15,000 kila jioni, siku tano kwa wiki. Nina kausha damu ya 2,000 kila siku, kikoba 10,000 kila Jumamosi, deni la simu 20,000 na la dukani 18,000. Nimeshauriwa nigawe hela kwenye bahasha. Itanisaidia au nitajidanganya?"

Itakusaidia, ndugu yangu, kwa sharti moja ambalo wanaoisifu njia hii hawalitaji: kiasi cha kila bahasha kihesabiwe kwa siku za kazi, wala si kwa siku za kalenda. Unalipwa mara tano kwa wiki, lakini mkopeshaji anakuja mara saba, na watoto wanakula mara saba. Ukiweka 2,000 ya marejesho kila unapolipwa, kufikia Ijumaa utakuwa na 10,000 wakati wiki inadai 14,000, na hiyo 4,000 utaitoa kwenye bahasha ya chakula bila kuelewa ilikopotelea.

Nichukulie kwamba nyumbani mnatumia 5,000 kwa chakula, nauli ya kwenda na kurudi ni 1,200, na chumba ni 40,000 kwa mwezi. Gharama ya wiki ukiigawa kwa siku tano, kila jioni bahasha ya chakula inapata 7,000, marejesho 2,800, kodi 2,000, kikoba 2,000 na nauli 1,200. Jumla yake ni 15,000 kamili. Hapo ndipo ninapoona faida ya kweli ya bahasha: zinakuonyesha mezani, kwa noti zenyewe, kwamba deni la simu na la dukani hayana bahasha, na kwamba ukikosa kazi siku moja pengo linafunguka papo hapo. Hela ikiwa mfukoni kwa pamoja, pengo hilo huonekana siku mkopeshaji anapogonga mlango.

Faida ya pili inatokana na simu. Kwa mkopo wa aina ya Songesha, fedha yoyote inayoingia kwenye akaunti yako hukatwa deni kwanza, hata kama ulikuwa umeipangia nauli ya kesho. Taslimu iliyo kwenye bahasha haikatwi. Hata hivyo, hoja hii ina upande wa pili ambao ni mzito: deni ambalo halijakatwa linaendelea kutozwa ada, huku hela ya kodi ikikaa kwenye karatasi ya kaki bila kuzaa chochote. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo kwamba ni afadhali kila shilingi iende kwenye deni lenye ada kubwa. Kwa mwenye mshahara wa mwezi ningekubaliana nao. Kwa kibarua sikubali, kwa sababu akimaliza hela yote kulipa deni leo, na kesho mvua ikazuia zege kumwagwa, atakopa tena chakula cha usiku huo kwa masharti yaleyale.

Bahasha ninayoihofia zaidi ni ya kodi. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, hivyo bahasha hiyo inaweza kufika 120,000 ndani ya chumba ambacho kila mtu anakijua. Ikitokea homa ya mtoto au msiba, itafunguliwa, na hakuna ubaya katika hilo iwapo utaacha ndani kikaratasi chenye kiasi na tarehe. Hela hiyo ikizidi 20,000, iulizie kikoba kama kinaweza kuipokea kama akiba, kwa kuwa sanduku lao lina funguo zaidi ya moja na wewe huna hata moja.

Kuna jambo dogo linalowashinda wengi siku ya kwanza, nalo ni chenji. Ukilipwa noti moja ya 10,000 na moja ya 5,000, huwezi kujaza bahasha tano, na ukienda kuvunja dukani unakodaiwa utarudi na pungufu. Mwombe fundi akulipe kwa noti ndogo na sarafu, au vunja kwa mama lishe wa saiti.

Kuhusu madeni yasiyo na bahasha, nenda kwa mwenye duka kabla hajakuita, umwambie lini utaanza kumlipa. Kausha damu ikiisha, usiifute bahasha yake: endelea kuweka 2,800 ileile, ambayo ni 14,000 kwa wiki, ulipe simu kwanza kwa kuwa ndiyo yenye ada, kisha duka. Kabla ya hapo, fuatilia vikaratasi. Bahasha moja ikikopwa wiki mbili mfululizo, kiasi ulichoipangia ni kidogo mno, na wiki inayofuata uwaombe wenzako wa kikoba wakupunguzie hisa hadi kiwango cha chini kabisa, ili tofauti hiyo iingie humo.