Kazi ya usiku iwe na haki ya kukataa

Fundi wa pikipiki wa Masaka ndiye aliyetuambia kwamba duka limeishiwa. Alipiga simu saa mbili asubuhi, akamuuliza Hajati, "Mama, mmefunga biashara au? Plagi hakuna, cheni hakuna, hata kebo ya klachi hakuna." Hajati alikuwa amesimama mbele ya rafu iliyojaa kebo za klachi. Akamjibu fundi kwa upole, kisha akanipigia mimi, na upole ukabaki hukohuko Masaka.

Duka lake linauza spea za pikipiki hapa katikati ya Kampala, karibu na Nakivubo. Kuna bidhaa 1,412 kwenye programu ya kaunta, na hizohizo ziko kwenye tovuti, ambako mafundi wa mikoani huagiza na kutumiwa mzigo kwa basi. Kila jioni saa moja na nusu, duka likifungwa, kompyuta ya kaunta hutoa faili la hesabu ya stoo na kulituma kwenye seva. Usiku wa manane skripti yangu hulisoma, inarekebisha idadi kwenye tovuti, halafu inamwandikia Hajati barua pepe fupi ya kilichobadilika. Ni mistari kama 150 ya programu, wala si ya kujivunia.

Usiku ule umeme ulikatika wakati faili likiandikwa. Uliporudi, kompyuta ikawaka na kutuma kilichokuwepo. Nilipolifungua asubuhi nikakuta mistari 212, na wa mwisho ulikuwa hivi: `BX-0417,Breki shuu ya nyu`. Umekatika katikati ya neno. Skripti haikushtuka. Niliiandika kwa dhana kwamba bidhaa isiyo kwenye faili imeisha, kwa hiyo ikaweka sifuri kwenye bidhaa 1,200 na ushee, ikamaliza salama, ikatuma barua. Barua yenyewe ilikuwa na mistari zaidi ya 1,200. Hajati aliiona, akadhani ni tangazo, akaifuta.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao wenzangu wengine wanauona wa woga: kazi ya usiku inayomaliza kila siku bila kukosa ni ya kutiliwa shaka. Mchana mtu akiona jambo la ajabu husimama na kuuliza. Usiku hakuna wa kuuliza, kwa hiyo skripti yenyewe lazima ijue kusimama. Tovuti yenye hesabu ya jana ni hasara ndogo: pengine oda mbili utazirekebisha kwa simu. Tovuti iliyojaa sifuri ni duka lililofungwa huku mwenyewe akiwa ndani.

Nilianza kwenye faili. Kompyuta ya kaunta sasa huandika kwanza kwenye faili la muda, na likikamilika ndipo linabadilishwa jina na kuwa lile linalotumwa. Umeme ukikatika katikati, linabaki lile la muda ambalo hakuna anayeligusa. Juu ya hapo mstari wa mwisho hutaja idadi ya mistari yote iliyoutangulia, mfano `MWISHO,1412`. Skripti ikikosa mstari huo, au ikihesabu ikapata namba nyingine, haiendelei. Faili likiwa limeandikwa zaidi ya saa kumi na mbili zilizopita, vilevile haiendelei, maana hilo ni la juzi lililosahaulika.

Cha pili ni ile dhana yangu ya kijinga. Kutokuwepo kwenye faili si kuisha. Kuisha ni pale faili linapotaja bidhaa na kuandika sifuri. Bidhaa isiyotajwa kabisa haiguswi kwenye tovuti, bali inatajwa kwenye barua ili mtu aangalie: huenda msimbo umebadilishwa kaunta, huenda imefutwa kimakosa.

Cha tatu ni kikomo, na hapa ndipo watu hubishana nami. Nilipitia kumbukumbu za miezi miwili nikaona usiku wa kawaida hubadilisha bidhaa kati ya 60 na 130. Nikaweka kikomo 200.

```
if mwisho != len(mistari):
    kataa("faili halijakamilika")
if len(mabadiliko) > 200:
    kataa("mabadiliko ni mengi mno")
```

Hukumu hizi hufanyika kabla ya kugusa bidhaa hata moja. Skripti inayogundua kosa baada ya kurekebisha bidhaa 700 inakuachia tovuti ambayo nusu ni ya leo na nusu ya jana, na hiyo ni mbaya kuliko zote mbili. Kwa hiyo inakusanya mabadiliko yote kwanza, inayapima, ndipo inaandika.

Kikomo hiki kitakukatalia siku ambayo hakuna kosa, hilo nalikubali. Hajati alipohesabu mali ya mwisho wa mwezi, bidhaa 340 zilibadilika na skripti ikagoma. Akanipigia, akaniambia wamehesabu stoo nzima, nikaiendesha kwa mkono nikiongeza `--ruhusu`. Dakika tatu. Mara moja kwa mwezi naweza kuzilipa.

Sasa niseme habari ya saa, maana sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Toleo la kwanza nililipanga saa nane usiku, nikaandika kwenye cron, ratiba ya kazi za seva, `0 8 * * *`, yaani 08:00 kila siku. Kwanza nane yetu ya usiku ni 02:00. Pili, seva nyingi za kukodi hufuata UTC, na Uganda iko saa tatu mbele. Kazi yangu ya usiku ikawa inaendeshwa saa tano asubuhi, duka likiwa limejaa wateja. Nilikuja kugundua kwa sababu idadi za bidhaa zilizouzwa asubuhi zilikuwa zinapanda ghafla saa tano: skripti ilikuwa ikizirudisha kwenye hesabu ya jana jioni. Mstari sahihi ni huu:

```
10 23 * * * flock -n /tmp/stoo.lock /home/stoo/usiku.sh >> /home/stoo/usiku.log 2>&1
```

Saa 23:10 ya UTC ni saa nane na dakika kumi usiku hapa Kampala. Kwa kuwa Uganda haisogezi saa kwa majira, mstari huu hauhitaji kuguswa tena. `flock` huzuia kazi mbili zisipandane endapo ya kwanza imekwama. Ila angalia tarehe: saa hiyo seva bado iko kwenye tarehe ya jana yetu. Skripti yangu ilitafuta faili kwa tarehe ya seva, na ikalipata kwa bahati tu, kwa sababu faili la jioni nalo lina tarehe hiyo. Siku nilipoiendesha kwa mkono asubuhi, ikatafuta faili la leo ambalo lilikuwa bado halijaandikwa. Nikaacha kutumia tarehe kwenye jina, nikawa napima umri wa faili kama nilivyosema.

Lakini hesabu ya jioni, hata ikiwa kamili, ina pengo. Chukua plagi moja. Faili la saa moja na nusu linasema zipo 3. Saa tatu usiku fundi anaagiza 2 kwenye tovuti, tovuti inapunguza na kubakiza 1. Saa nane skripti inakuja na faili lake, inaandika 3. Alfajiri fundi mwingine anaagiza zote 3, na asubuhi Hajati ana plagi 3 za kuwapa watu wanaodai 5. Hapo hakuna faili bovu wala umeme uliokatika. Kila chombo kimefanya kazi yake, na bado umeuza usichonacho.

Dawa ni skripti kuchukua namba ya faili, kisha kutoa oda zote za tovuti ambazo bado hazijaingizwa kaunta: 3 kutoa 2, inaandika 1. Nimesema hazijaingizwa kaunta, sikusema zilizokuja baada ya saa moja na nusu. Oda ya saa kumi na moja jioni ambayo kijana wa kaunta hakuwahi kuiingiza nayo bado imo ndani ya ile 3. Ukitumia saa kama kipimo, oda hiyo itakuponyoka. Kwa hiyo kila oda ina alama yake, na alama hiyo hubadilika pale tu inapoingizwa.

Imebaki barua. Ya zamani iliorodhesha kila kitu, na ndiyo maana ilifutwa. Ya sasa kichwa chake kinatosha kusomwa kwenye simu bila kuifungua: "Stoo: 87 zimebadilika, 5 zimeisha, 2 zimerudi". Ndani yake zimetajwa zile zilizoisha, zilizorudi, zisizotajwa kwenye faili, na zilizopanda bila risiti ya kupokea mzigo. Nyingine zote, mfano plagi zilizotoka 40 hadi 36, zimo kwenye kiambatisho ambacho sijawahi kumwona mtu akikifungua. Skripti ikigoma, kichwa kinaanza na neno IMEKATAA na sababu kwa maneno sita au saba.

Barua inakuja hata kama hakuna kilichobadilika. Rafiki yangu mmoja aliniambia hiyo ni kelele, kwamba kimya maana yake mambo ni mazuri. Sikubali. Seva ikizimika, kimya chake kinafanana kabisa na kile cha usiku tulivu. Na kwa kuwa hata Hajati hawezi kutegemewa kuona barua isiyokuja, skripti ikimaliza hubisha hodi kwenye huduma nyingine iliyo nje ya seva ile, na hodi isiposikika hadi saa kumi na moja alfajiri, huduma hiyo inanitumia ujumbe kwenye simu. Imeniamsha mara mbili, na mara moja ilikuwa diski imejaa kwa sababu ya ile `usiku.log` ambayo sikuwahi kuipunguza.

Kuna kitu kimoja ambacho sijapata namna ya kukiandikia programu. Mwezi uliopita barua ilisema kabureta zipo 14, tovuti ikasema 14, programu ya kaunta ikasema 14. Kwenye rafu zilikuwa 9. Sasa barua inamalizia na bidhaa kumi zilizochaguliwa ovyo, na kabla ya kufunga duka kijana wa kaunta anakwenda kuzihesabu kwa kidole. Jana tisa zililingana. Ya kumi ilikuwa vioo vya pembeni, na bado anavitafuta.