Aliyeufungua ukurasa si lazima awe mwenye ukurasa

Washirika wawili wa biashara wanapoachana, mambo ya dukani huwa na njia yake inayojulikana: bidhaa huhesabiwa, madeni huandikwa, mtaji hurejeshwa na faida iliyobaki hugawanywa. Ukurasa wa Instagram ndio unaowashinda, kwa sababu mmoja husema ameufungua yeye kwa simu yake, na mwengine husema umekuzwa kwa fedha za duka. Kwa maoni yangu wote wawili husema kweli, ila hoja ya kufungua ina uzito mdogo kuliko unavyodhaniwa.

Nitaeleza shauri moja nililoombwa na pande zote mbili kulisikiliza, kwa ridhaa yao na bila ya kuwataja. Wanawake wawili walikuwa na duka la udi, mavumba, liwa na mafuta ya asmini karibu na Darajani. Mmoja alikuwa mchanganyaji na ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya mtaji. Mwenzake alipiga picha, alijibu wateja na alipeleka mizigo bandarini kwa wanunuzi wa Dar es Salaam. Huyu wa pili aliolewa Chake Chake, akajitoa katika ushirika, na ukurasa ukaondoka naye ndani ya simu yake. Mchanganyaji alikuwa analijua neno la siri, lakini aliponunua simu mpya aliombwa namba sita za kuthibitisha, na namba hizo zikaingia kwenye simu iliyoko Pemba. Alipopiga kuziomba alijibiwa: "Mwenzangu, ukurasa ule nimeufungua mimi kabla hatujajuana."

Mtu anayeweza kuingia katika akaunti ya Instagram ni yule anayeshika baruapepe, namba ya simu na neno la siri lake. Mchanganyaji hakuweza kwenda duka la mtandao wa simu kuirudisha laini ile, kwa kuwa imesajiliwa kwa jina na alama za vidole za mwenzake. Facebook ni tofauti kidogo: ukurasa hutegemea akaunti binafsi za watu, na watu kadhaa wanaweza kupewa "Full control", yaani uwezo kamili, lakini kila mwenye uwezo huo anaweza pia kuwaondoa wenzake. Kwa hivyo huu ni uwezo wa kufungua na kufunga tu, na aliyekabidhiwa ufunguo wa duka hajapewa duka. Naye mchanganyaji alishauriwa na ndugu yake atafute fundi wa kuingia kwa nguvu. Nilimsihi asifanye hivyo, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inatumika Zanzibar pia, inahesabu kuingia katika mfumo bila ya idhini kuwa kosa la jinai, na mwenye haki angejikuta yeye ndiye mshitakiwa.

Jambo la kwanza tulilolifanya lilikuwa ni kufungua sehemu ya "About this account", ambayo huonesha akaunti ilianza lini na kama imewahi kubadilisha jina. Tarehe ilikuwa ya mwaka 2019, ilhali duka lilianza 2021. Aliyeondoka alisema kweli: akaunti ilikuwa yake, akiuza mitandio, na kwa kumbukumbu za wote wawili ilikuwa na wafuasi wapatao 800. Kuanzia 2021 ilibeba jina la duka, picha zote zikawa za udi na mafuta, na matangazo ya kulipia yakalipwa kutoka kwenye mauzo, jambo lililoonekana wazi katika taarifa za malipo ya simu. Siku ya mzozo wafuasi walikuwa 14,000. Kitu kilichokuwa kinagombaniwa, basi, hakikuwa kile alichokuja nacho. Aliingiza chombo kidogo katika ushirika, nacho kikakuzwa kwa fedha za wote wawili na kwa kazi ya wote wawili, pamoja na kazi yake mwenyewe ya kila usiku ya kujibu wateja, ambayo mchanganyaji hakuwa akiithamini ipasavyo.

Mchanganyaji alidhani cheti cha jina la biashara kutoka Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar kingemaliza ubishi. Cheti kile kinasaidia kuonesha nani anaendesha biashara, lakini usajili wa jina la biashara si usajili wa alama ya biashara, na fomu ya Instagram ya malalamiko ya alama za biashara inahitaji alama iliyosajiliwa. Hata aliyesajili alama yake Tanzania Bara hajasajili Zanzibar, kwa kuwa kila upande una usajili wake. Nayo kampuni ya Instagram haikai kuamua nani alifanya kazi zaidi baina ya washirika. Ndiyo maana niliwahimiza wapatane, naye sheha akakubali kuwa shahidi.

Maoni yangu yalikuwa kwamba ukurasa ubaki na duka, kwa sababu wafuasi waliufuata kwa ajili ya udi, na kwamba aliyeondoka alipwe. Ugumu ulikuwa katika kiasi. Kuhesabu wafuasi hakufai, maana wengi wao hawanunui kamwe. Tulihesabu maagizo: katika mwezi wa kawaida takriban maagizo 45 yalianzia kwenye ukurasa, na kila agizo liliacha faida ya shilingi 8,000, yaani shilingi 360,000 kwa mwezi. Walikadiria kwamba ukurasa mpya ungechukua miezi sita kufika hapo, huku ukipata kidogo kidogo, kwa hivyo hasara ingekuwa karibu nusu ya 2,160,000, ambayo ni 1,080,000. Faida walikuwa wakigawana nusu kwa nusu, hivyo fungu lake lilikuwa 540,000, na mchanganyaji akaongeza 60,000 kwa ajili ya wale wafuasi wa mwanzo. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini kila mmoja aliweza kuikagua.

Makabidhiano nayo yana utaratibu wake, na wengi huharibikiwa hapa. Kwanza walipakua nakala ya picha na ujumbe. Kisha aliyeondoka, akiwa bado ndani, aliweka baruapepe na namba mpya za duka, akasubiri mchanganyaji azithibitishe, ndipo akabadilisha neno la siri na kutoa simu yake katika orodha ya vifaa vilivyoingia. Kwenye ukurasa wa duka wa Facebook alimpa mwenzake uwezo kamili, akahakikisha mwaliko umekubaliwa, halafu akajiondoa mwenyewe. Ni salama kusubiri mwengine akubali kabla ya kujiondoa. Fedha zilikabidhiwa mwenzake alipoweza kuingia kwa simu yake mpya bila ya kuomba namba kwa mtu.

Zilibaki picha, na hapa nilikuwa upande wa aliyeondoka. Picha alizipiga yeye, hakuwa mwajiriwa wa mtu, wala hapakuwa na maandishi ya kuzihamisha haki zake. Waliandika kwamba zilizokwishawekwa ukurasani zitabaki na duka litaendelea kuzitumia, naye anaruhusiwa kuzionesha Pemba kama kazi ya mkono wake anapotafuta wateja wa upigaji picha. Orodha ya namba za wanunuzi haikuwa katika ruhusa hiyo, na aliifuta kwenye simu yake mbele ya sheha.