Mabomba 44 au 50: karakana ya Tanga na hesabu ya kuzalisha safu

"Fundi wangu ana miaka mingi kwenye grinda, akiiona oda tu anajua akate vipi. Hiyo hesabu ya kompyuta itanipa nini ambacho yeye hana?" Ndivyo alivyouliza mwenye karakana mmoja wa Ngamiani, jijini Tanga.

Tuchukue oda moja ya grili tuipime. Bomba la chuma lina mita 6. Vinatakiwa vipande 40 vya mita 2.5, vipande 60 vya mita 1.7 na vipande 50 vya mita 1.1. Kanuni iliyozoeleka ni kumaliza virefu kwanza, kisha kushuka. Kila bomba linatoa vipande viwili vya 2.5, na mita moja inayobaki haitoshi hata kipande kifupi, kwa hiyo yanaondoka mabomba 20. Vya 1.7 vinaingia vitatu kwa bomba, yanaondoka mengine 20. Vifupi vinaingia vitano, yanaondoka 10. Jumla ni 50.

Fundi makini hataishia hapo. Atagundua kwamba kipande cha 2.5 na viwili vya 1.7 hufanya mita 5.9, na atavichanganya. Upande huo nauheshimu. Swali langu ni lingine: akishachanganya, anajuaje kwamba amefika mwisho?

Hapo ndipo njia ya kuzalisha safu ya watafiti Gilmore na Gomory, waliyoichapisha mwaka 1961, inapoonyesha thamani yake. Kila namna ya kukata bomba moja tunaiandika kama safu ya jedwali: inatoa virefu vingapi, vya kati vingapi, vifupi vingapi. Oda ikiwa na vipimo 30, safu hizo zinaweza kufika mamilioni, na hakuna haja ya kuziandika zote. Tunaanza na chache zinazotosha kutimiza oda. Hilo ndilo tatizo kuu lililobanwa: kwa safu hizi tu, mabomba machache kabisa ni mangapi? Kwa sasa tunaruhusu jibu liwe hata na nusu bomba.

Tukianza na safu tatu za ile kanuni iliyozoeleka, jibu ni 50. Lakini kompyuta inatoa pia kitu kingine, bei kivuli ya kila kipande, yaani kipande kimoja zaidi kingegharimu sehemu gani ya bomba. Kirefu kinagharimu 1/2, cha kati 1/3, kifupi 1/5. Bei hizo zinapelekwa kwenye tatizo la pili, la kutafuta safu: ndani ya mita 6, ni mchanganyiko gani una thamani kubwa kuliko yote? Ikizidi 1, safu hiyo inatoa vipande vyenye thamani kuliko bomba lenyewe, basi iingizwe.

Kirefu kimoja na vya kati viwili vinafika 1/2 + 2/3, karibu 1.167. Safu hiyo inaingia, na mabomba yanashuka hadi 45. Bei nazo zinabadilika: cha kati sasa ni 1/4 tu, kwa sababu kimepata mahali pazuri pa kukatwa. Kwa bei hizo mpya anayeongoza ni kirefu kimoja na vifupi vitatu, thamani 1.1. Ikiingia, jibu ni 44: mabomba 30 ya mchanganyiko wa kwanza, 10 ya huu wa pili, na 4 ya vifupi vitano vitano. Bei zinakuwa 0.4, 0.3 na 0.2. Tafuta tena, hakuna mchanganyiko unaozidi 1. Tumefika.

Hiyo 44 ina uzito kuliko zile sita zilizookolewa. Ukijumlisha urefu wote wa vipande unapata mita 257, na ukigawa kwa 6 unapata 42.8, kwa hiyo mtu anaweza kuhangaika siku nzima akitafuta mabomba 43. Bei za mwisho zinathibitisha kwamba hayapo. Fundi mzoefu anaweza kufika 44 kwa jicho lake, ila uthibitisho huo hana.

Hata kabla ya kufika mwisho unaweza kujua umebakiza umbali gani. Gawa jibu la tatizo kuu kwa thamani kubwa uliyoipata katika kutafuta. Raundi ya kwanza, 50 gawa kwa 1.167 ni 42.9 hivi: chini ya mabomba 43 haiwezekani kamwe. Hili lina faida sana kwenye oda kubwa, kwa sababu raundi za mwisho mara nyingi hujikokota, safu mpya zikiingia huku jibu likishuka kwa punje. Nafasi iliyobaki ikiwa chini ya bomba moja, acha. Na safu iliyokwisha kuwemo ikirudi tena kama mpya, usiendelee: ama bei zimesomwa vibaya, ama kompyuta inachukua tarakimu za mbali za desimali kama faida ya kweli.

Sasa upande wa mwenye karakana. Kwanza, oda yetu ina vipimo vitatu, na namna za kulijaza bomba mpaka kisiingie kipande kingine ni nane tu. Zinaandikwa kwenye karatasi moja. Kuzalisha safu hapa ni kazi ya ziada, na simshauri ainunulie programu.

Hoja ya pili ni mabomba nusu nusu. Vifupi vikiwa 52 badala ya 50, jibu linakuwa 44.4. Tunapandisha hadi 45, na kwa kuwa 44 hayatoshi, 45 ndiyo bora. Lakini kwenye oda ya mlango mmoja, ambapo kila safu inatumika mara moja au haitumiki kabisa, kupandisha kila desimali kunaweza kuharibu faida yote. Hapo itabidi kuligawa tatizo katika matawi na kuzalisha safu upya ndani ya kila tawi, kazi nzito kwa oda ndogo.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Mpango wa mabomba 50 unaacha mabaki ya mita 43, na kati yake mna vipande 20 vya mita moja na 20 vya sentimita 90. Hesabu yetu inaviona kuwa takataka. Karakana ya Ngamiani haivioni hivyo, maana wiki ijayo atakuja mtu wa stendi ya mtungi au miguu ya meza. Dawa ipo: kwenye kila safu, punguza gharama ya bomba kwa thamani ya baki linaloweza kutumika, na utafutaji uzingatie hiyo pia. Ila thamani hiyo lazima itoke kwa mwenye karakana, na akiikadiria juu mno, kompyuta itamjazia stoo vipande ambavyo hakuna atakayevitaka.

Kwa malori yanayopeleka mizigo Muheza, Korogwe na Lushoto mizani yangu ingeegemea upande mwingine. Kule safu ni njia nzima ya lori moja, na kuzitafuta kunakuwa swali la njia fupi yenye mipaka ya uzito na muda, ambalo ni gumu kuliko kujaza bomba. Lakini wateja wakifika 40, hakuna karatasi ya kuandikia njia zote, na jicho la dereva linaishiwa nguvu mapema kuliko jicho la fundi.