Kufunga kundi la mtaa au kuwaacha watu waseme

Makundi ya WhatsApp ya mitaani huanzishwa kwa ajili ya ulinzi shirikishi, taka au maji, lakini ugomvi wake mara nyingi huzuka kwenye fedha. Tuseme kundi la mtaa mmoja wa Dar es Salaam lina watu wapatao mia mbili. Jioni ya Jumamosi mweka hazina anabandika orodha ya kaya ambazo hazijalipa shilingi 5,000 za mlinzi. Mkazi mmoja anajibu kwamba alilipa na kwamba kuna watu wanakula fedha za mtaa. Mweka hazina anamjibu kwa kumtajia deni la kodi analodaiwa na mwenye nyumba wake, kisha ujumbe wa sauti unafuata, wenye matusi, na wengine wanaanza kushabikia kwa stika.

Msimamizi hapo ana njia ya haraka. Tangu mwaka 2018 WhatsApp imemruhusu kubadili mpangilio ili wasimamizi peke yao ndio waweze kuandika. Wanaopendelea njia hiyo wana hoja nzito, kwa kuwa kundi la ulinzi likijaa majibizano watu hulinyamazisha, na tahadhari ya mwizi inapotumwa saa nane usiku haisikiki. Ipo pia hofu ya sheria. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua unyanyasaji wa mtandaoni kuwa kosa, na kule Kenya, kuelekea uchaguzi wa mwaka 2017, mwongozo wa mamlaka kuhusu ujumbe wa kisiasa uliwataka wasimamizi wa majukwaa kudhibiti yanayoandikwa humo. Msimamizi aliyejitolea tu ana haki ya kuogopa kuitwa kituoni kwa maneno ya mtu mwingine.

Upande wa pili nao una hoja, na kwa maoni yangu ndiyo inayosahaulika zaidi. Kitufe hicho hakimchagui mkosaji. Telegram humwezesha msimamizi kumzuia mtu mmoja asiandike kwa muda, ilhali kwenye WhatsApp mtu huyo ama anaandika kama wengine, ama kundi zima linafungwa, ama anatolewa. Kwa hiyo kufunga ni kuwaadhibu wote. Baya zaidi, swali la awali, kwamba fedha zimekwenda wapi, linabaki bila jibu, na ikiwa mweka hazina ni rafiki wa msimamizi, hakuna atakayeamini kwamba kundi limefungwa kwa ajili ya amani. Mkazi aliyenyimwa nafasi atafungua kundi lake, na mtaa utakuwa na makundi mawili yasiyosikilizana.

Naona kufunga kunafaa pale tu kunapokuwa na muda uliotangazwa na kazi ya kufanya ndani ya muda huo. Katika mfano wetu, msimamizi angeandika: «Kundi limefungwa hadi saa tatu usiku. Swali la michango litajibiwa likifunguliwa. Matusi na mambo ya nyumbani kwa mtu hayatajadiliwa.» Kisha angewapigia simu wahusika wote wawili, kwa sababu maandishi ya faragha nayo hupigwa picha ya skrini na kurudishwa kundini. Ujumbe wa deni la kodi angeufuta, kwa kuwa ni siri ya mtu na hauhusiani na mlinzi. Ule wa kudai kuliwa kwa fedha angeuacha, hata kama ni mchungu, maana hilo ni swali la wananchi lililovaa ukali. Saa tatu ikifika, mweka hazina analeta orodha ya miamala ya simu, na huenda ikaonekana kwamba malipo yalitumwa kwa namba ya zamani.

Kumtoa mtu ni suala jingine. Anayetishia kumdhuru mwenzake au kutangaza ugonjwa wa mtu atolewe mara moja. Kwa makosa mengine, kutolewa kunamkosesha mkazi tahadhari za usalama huku akiendelea kuishi nyumba ya tatu kutoka kwako, kwa hiyo heri onyo, kisha kutolewa kwa siku kadhaa zinazojulikana. Uamuzi ufanywe na wasimamizi wawili, na anayegombana asiwemo. Kanuni hiyo ni ngumu kutekeleza pale mgomvi anapokuwa ndiye aliyeanzisha kundi, kwani WhatsApp haiwaruhusu wasimamizi wengine kumtoa mwanzilishi. Katika hali hiyo haifai kushindana naye kwa vitufe. Suala lipelekwe kwa mjumbe au kwenye mkutano wa mtaa, ambako mwanzilishi wa kundi ni mkazi kama wengine.