Sabini na mbili si ubovu: uliza laptopu ina mikondo mingapi

Kila anayefungiwa faiba ya megabiti 100 nyumbani hupima kasi siku ileile, na wapo ambao kipimo chao hugota kwenye 40 na kitu hata wakiketi mbele ya ruta. Simu ya mtoto inasoma 95, laptopu ya baba inasoma 42. Hapo ndipo mtoa huduma anapopigiwa simu, ruta inazimwa na kuwashwa, fundi anaitwa aweke Windows upya, na mwisho wa yote familia inapanda kifurushi cha bei kubwa zaidi. Mimi nasema mara nyingi hakuna kilichoharibika. Laptopu imefika ukomo wake, na ukomo huo ulijulikana kiwandani. Aliyeuza hakuutaja, na aliyenunua hakujua kuuliza.

Chukua laptopu ya bei nafuu kama ile aliyoniletea jirani yangu. Ni mashine nzuri tu, ina diski ya SSD na RAM ya kutosha. Kadi yake ya Wi-Fi ni RTL8723DE, aina inayofanya kazi kwenye 2.4 gigahezi peke yake na kwa antena moja. Ukifungua dirisha la amri na kuandika

```
netsh wlan show interfaces
```

unapata, pamoja na mistari mingine, hii:

```
Radio type             : 802.11n
Channel                : 6
Receive rate (Mbps)    : 72.2
Transmit rate (Mbps)   : 72.2
Signal                 : 96%
```

Soma mstari wa mwisho kwanza. Mawimbi ni asilimia 96, kwa hiyo umbali na kuta havihusiki. Kama mawimbi yangekuwa dhaifu, kasi ingeshuka ngazi kwa ngazi hadi 65, 57, 43 na kuendelea, na ingebadilika kila ukihama kiti. Hapa imesimama palepale kwenye 72.2. Namba inayoganda namna hiyo huku mawimbi yakiwa mazuri ni dalili kwamba kifaa kimefika mwisho wake.

Nayo 72.2 haikuokotwa. Chaneli ya megahezi 20 katika 802.11n, toleo la Wi-Fi linalotumiwa na kadi hii, hugawanywa kuwa vipande vyembamba, na 52 kati yake ndivyo vinavyobeba data. Mawimbi yakiwa safi kabisa, kila kipande hubeba biti 6 kwa mpigo mmoja, na biti moja katika kila sita hutumika kurekebisha makosa. Kwa hiyo mpigo mmoja unabeba 52 × 6 × 5/6, yaani biti 260 za data. Mpigo huchukua maikrosekunde 3.6. Gawanya 260 kwa 3.6 upate megabiti 72.2 kwa sekunde. Hakuna draiva wala programu itakayoongeza kitu juu ya hapo, labda upanue chaneli, na kwenye 2.4 gigahezi ruta nyingi hubaki kwenye megahezi 20 kwa sababu majirani wamejaa. Ndiyo maana ile 150 iliyochapishwa kwenye boksi, ambayo huhitaji megahezi 40, wengi hawaioni maishani.

Njia nyingine ya kuongeza kasi ni mikondo. Ruta yenye antena mbili inaweza kutuma data mbili tofauti kwa wakati mmoja, kwenye chaneli ileile. Hewani zinachanganyika, lakini kila antena ya mpokeaji inasikia mchanganyiko ulio tofauti kidogo, kwa kuwa mawimbi yamegonga kuta na kabati na kufika kwa njia zisizofanana. Ukiwa na michanganyiko miwili tofauti unaweza kutatua vitu viwili usivyovijua, kama tulivyofanya shuleni kwenye milinganyo miwili ya x na y. Ukiwa na antena moja una mlinganyo mmoja tu, na hesabu haifungui. Basi mikondo haiwezi kuzidi idadi ya upande ulio na michache. Ruta ya antena nne ikizungumza na laptopu ya antena moja, mkondo ni mmoja. Kununua ruta yenye pembe nyingi kama kaa kwa ajili ya laptopu hiyo ni kutupa pesa.

Laptopu yenye mikondo miwili, mahali palepale, kwenye ruta ya mikondo miwili, ingesoma 144.4. Na hiyo 42 ya kipimo? Kasi ya muunganisho huhesabu kila kitu kinachopita hewani, zikiwemo risiti za kupokea, muda wa kusubiri zamu na kelele za majirani. Kinachobaki kwa ajili ya mafaili yako ni kama nusu hadi theluthi mbili. Kwa hiyo 42 kutoka 72 ni matokeo mazuri, na ukipanda kifurushi hadi megabiti 200 utaendelea kuiona 42 ileile.

Sisemi kwamba antena moja ni dhambi. Kadi ya mkondo mmoja inayoingia 5 gigahezi kwa 802.11ac hufika 433 kwenye chaneli ya megahezi 80, na hiyo inatosha kabisa faiba ya megabiti 100. Kinachonikera ni mkondo mmoja uliofungiwa 2.4 gigahezi, kisha ukaandikwa "Wi-Fi" basi, huku RAM na diski vikitajwa hadi namba ya mwisho. Tena hasara si ya mwenye laptopu peke yake. Hewa ni ya zamu, na kifaa cha mkondo mmoja hukaa kwenye zamu karibu mara mbili ya kile cha mikondo miwili kwa faili lilelile. Wengine nyumbani wanamsubiri.

Wanaotumia Linux wana bahati, maana wanaweza kuona uwezo wa kadi kabla ya kulipa. Amri ya `iw phy` kwenye kadi ya 802.11ac huonyesha `1 streams: MCS 0-9` na chini yake `2 streams: not supported`. Kwenye Windows, soma jina la kadi katika Device Manager ulitafute. Usihesabu nyaya za antena ukadhani umemaliza: Intel 9462 ina nyaya mbili lakini mkondo ni mmoja, yenyewe huchagua tu antena inayosikia vizuri zaidi.

Je, kadi hubadilishwa? Kama haijachomelewa kwenye bodi, ndiyo, lakini fungua kwanza uone kama waya wa pili upo. Kiwanda kilichoweka kadi ya antena moja mara nyingi hakikupitisha waya wa pili kwenye fremu ya skrini. Kadi ya mikondo miwili yenye waya mmoja haitakupa mikondo miwili. Angalia pia aina: AX200 huingia kwenye nafasi ya kawaida ya M.2, ila AX201 inadai chipu fulani za Intel kwenye bodi na haitawaka kwingine. Fundi wa mtaani asiyejua tofauti hiyo atakuuzia kadi ambayo haitaonekana kabisa.

Jirani nilimshauri asinunue chochote kwanza. Laptopu yake ina tundu la kebo ya mtandao, la aina ya zamani ya megabiti 100. Kebo haishindani na mtu kwa zamu, na tundu hilo hutoa takriban megabiti 94 halisi, zaidi ya mara mbili ya alichokuwa akipata. Tulitumia kebo iliyokuja na ruta, ambayo ilikuwa bado imefungwa ndani ya boksi.