Kabla hujafuta bima katikati ya mwaka, uliza wanatumia hesabu ipi

Watu wengi wakilipia bima ya gari ya mwaka mzima wanajua kichwani kwamba wakiifuta katikati, siku ambazo hazijatumika hela yake inarudi yote. Inaeleweka mtu kufikiria hivyo, ila bima nyingi hazifanyi hivyo pale wewe mteja ndio umeomba kufuta. Kuna hesabu mbili tofauti na tofauti yake si ndogo.

Ya kwanza ndio hiyo ya siku kwa siku, wenyewe wanaiita prorata. Tuseme premiamu ni 36,500 kwa mwaka, pesa ya nchi yoyote ile, yaani 100 kwa siku. Umekaa na bima siku 130, wanakata 13,000 wanakurudishia 23,500, basi. Hii kwa kawaida unaipata pale kampuni yenyewe ndio imekufuta, kwa sababu uamuzi si wako.

Ya pili ni jedwali la muda mfupi, na hapa ndipo wengi wanaumia. Jedwali haliangalii siku, linaangalia umeingia mwezi wa ngapi halafu linakata asilimia ya premiamu ya mwaka mzima. Kila kampuni ina lake ila muundo ni uleule. Chukua hili: ndani ya mwezi wa kwanza wanabaki na asilimia 20, wa pili 30, wa tatu 40, wa nne 50, wa tano 60, hivyohivyo mpaka wa nane 90, ukishavuka miezi minane wanabaki na yote. Zile siku zako 130 ziko mwezi wa tano, kwa hiyo wanabaki na 21,900 na wewe unapata 14,600. Gari lilelile, siku zilezile, lakini 8,900 imeenda kwa sababu tu wewe ndio umesema naacha.

Rafiki yangu aliuza gari siku ya 118 tangu bima ianze. Akajisahau na mambo ya kuhamisha umiliki, barua ya kufuta bima akaipeleka siku ya 130. Alidhani watahesabu kuanzia siku aliyouza, na alikuwa na mkataba wa mauzo mkononi wenye tarehe na sahihi za watu wote wawili. Dada wa pale kaunta akamwambia, "Kaka, sisi tunahesabu kuanzia siku tuliyopokea taarifa yako ya maandishi." Na kwenye mkataba imeandikwa hivyo kweli. Siku ya 118 bado alikuwa ndani ya mwezi wa nne, kwa namba za mfano wetu angekatwa nusu na kurudishiwa 18,250. Zile siku 12 za kuchelewa ambazo kwa hesabu ya kawaida thamani yake ni 1,200 zikamgharimu 3,650. Jedwali ni ngazi, ukikanyaga ngazi inayofuata hata kwa siku moja unalipia ngazi nzima, kwa hiyo kama umeamua kufuta angalia kwanza lini mwezi wako wa bima unageuka (si mwezi wa kalenda, ni kuanzia tarehe bima ilipoanza).

Sasa niseme haki yao. Gharama za kutengeneza bima zinatoka mwanzoni, kuna kamisheni ya ajenti, kukagua gari, makaratasi, na mtu akikaa mwezi mmoja akaondoka kampuni haijarudisha hela hiyo. Pia wapo wanaokata bima ya mwaka kwa ajili ya safari moja ya hatari halafu wanafuta wiki inayofuata, jedwali limewekwa kuwazuia hao. Mimi asilimia 20 ya mwezi wa kwanza sina ugomvi nayo kabisa. Ninachokataa ni huko mwishoni, maana mtu anayefuta siku ya 245 amebakiza siku 120, yaani 12,000 ya premiamu yake, na anarudishiwa sifuri. Kamisheni ya ajenti ilishalipwa zamani, gari lilikaguliwa mara moja tu, hiyo 12,000 inalipia kitu gani? Wangekata kiasi maalum cha gharama halafu kilichobaki kihesabiwe kwa siku, na kuna kampuni zinafanya hivyo na hazijafa.

Wanaolipa kwa awamu ndio wanashangaa zaidi. Umelipa awamu tano za kila mwezi, jumla kama 15,200, unafuta ukitegemea kwamba mmeachana salama, kumbe jedwali linasema umetumia 21,900, kwa hiyo badala ya kurudishiwa unadaiwa kama 6,700. Na wale wanaozuia tu malipo benki wakiamini wamefuta, hapana, hiyo haijafuta kitu, hiyo ni deni, na kampuni ikikufuta kwa kutolipa, siku ukiomba bima kwingine utaulizwa kama umewahi kufutiwa na itabidi ujibu ndio.

Halafu kuna klemu. Ukishalipwa klemu ndani ya mwaka huo, hata ndogo ya kioo, kampuni nyingi hazirudishi chochote ukifuta. Kodi, tozo na stempu nazo mara nyingi hazirudi, kwa hiyo usipige hesabu kwa jumla uliyolipa, tafuta kwenye risiti premiamu yenyewe ni ipi.

Kipindi cha kughairi ni habari nyingine kabisa na watu wanakichanganya na haya. Pale sheria inapokitoa, mara nyingi ni kati ya siku 14 na 30, na unakikuta zaidi kwenye bima ya maisha, na kwa kawaida siku zinahesabiwa tangu mkataba ulipoanza au ulipopokea karatasi. Ndani ya hizo siku huhitaji kutoa sababu, na jedwali halikuhusu, wanaweza kukata tu siku ulizokuwa na bima, na kwenye bima ya maisha gharama ya vipimo vya daktari kama walikupima. Kwa mfano wetu ukighairi siku ya 8 unakatwa 800 unarudishiwa 35,700. Ukipitia mlango wa jedwali siku hiyohiyo unarudishiwa 29,200. Kwa hiyo kwenye barua andika wazi kwamba unatumia haki ya kughairi, usiandike "naomba kufuta bima" ukawaachia wao wachague. Ila bima fupi kama za safari mara nyingi hazina haki hiyo, na ukishadai klemu, haki yenyewe imekufa.

Ushauri wangu kwa anayeuza gari na kununua lingine: usifute kabisa. Omba wabadilishe gari kwenye bima ileile, utalipa au kurudishiwa tofauti ya premiamu kwa siku zilizobaki na jedwali halitaguswa. Ajenti anaweza asikwambie, maana bima mpya ni kamisheni mpya. Kama hununui lingine, basi siku hiyohiyo ya kuuza tuma taarifa kwa barua pepe, taja tarehe unayotaka bima iishe, rudisha stika na cheti kama wanavitaka maana bila hivyo wengine hawaanzi hata kuhesabu, na waombe wakuandikie hesabu yenyewe, siku ngapi, asilimia ngapi, ya kiasi gani. Wakikuletea namba moja tu bila mchanganuo, irudishe uulize imetokana na ukurasa upi wa mkataba.