Nukta pacha na mistari iliyoingia ndani hazitoshi kuiita Python

Mwanafunzi ninayemsaidia kujifunza kuandika programu alinitumia picha ya skrini jioni moja, na swali fupi chini yake: "Kaka, hii ni lugha gani?" Niliitupia jicho. Mistari imeingia ndani hatua kwa hatua, vichwa vya vifungu vinaishia na nukta pacha, hakuna bano la kupinda hata moja, hakuna nukta mkato. Nikamjibu neno moja: Python.

Kesho yake akaniambia amekesha. Aliunakili msimbo wote kwa mkono, akauendesha, na kompyuta ikamjibu `SyntaxError: invalid syntax` kwenye mstari wa kwanza kabisa. Akadhani amekosea kuandika. Akafuta, akaandika upya, akahesabu nafasi moja moja, jibu likawa lile lile. Kosa halikuwa lake. Nilikosea mimi, kwa sababu niliangalia umbo la msimbo badala ya kuusoma. Tangu siku hiyo nina msimamo ambao niko tayari kuutetea popote: mabano na mistari iliyoingia ndani ndizo dalili zinazoonekana haraka kuliko zote, na ndizo dhaifu kuliko zote. Anayetaka kuitambua lugha aanze na maneno.

Picha yenyewe ilikuwa na msimbo wa namna hii:

```
extends CharacterBody2D

var kasi = 200

func _physics_process(delta):
	if Input.is_action_pressed("ui_right"):
		velocity.x = kasi
	else:
		velocity.x = 0
	move_and_slide()
```

Ukiutazama kwa mbali, ni Python mtupu. `if` na `else` zinaishia na nukta pacha, na kilicho chini yake kimesogea ndani. Sasa usome kwa karibu. Mstari wa tano unaanza na `func`. Python hutangaza fanksheni kwa `def`, haina `func`. Hapo peke yake Python imeshatoka kwenye orodha, na hakuna dalili nyingine inayoweza kuirudisha. Mstari wa tatu una `var kasi = 200`. Kwenye Python jina jipya huzaliwa kwa kupewa thamani tu, `kasi = 200`, bila neno lolote mbele yake. Na mstari wa kwanza ni maneno mawili yaliyokaa pamoja bila alama yoyote kati yake, jambo ambalo Python haikubali kama neno la kwanza si lake. `extends` si neno lake, ndiyo maana ilikwama pale pale kabla hata ya kufika kwenye `func`.

Lugha hiyo inaitwa GDScript, ndiyo inayotumika ndani ya Godot, programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta. Waliobuni GDScript waliazima kwa makusudi mwonekano wa Python, kwa hiyo kufanana kwake hakukuwa bahati mbaya. Nukta pacha na mistari iliyoingia ndani vinaweza kuazimwa na lugha yoyote. Nim nayo hupanga vifungu kwa kuingiza mistari ndani, ila fanksheni yake huanza na `proc` na kichwa chake huishia na alama ya `=`.

Kwa hiyo ninachomfundisha mtu sasa ni kutafuta kwanza mstari unaotangaza fanksheni. Karibu kila picha yenye zaidi ya mistari michache ina mmoja, na mstari huo hubeba mengi kuliko mwingine wowote: neno la kutangazia, mahali aina ya data inapokaa, na namna kifungu kinavyofunguliwa. Ukiona `def`, bado usiseme Python. Tazama mwisho wa mstari huo na mwisho wa kifungu. Linganisha hizi mbili:

```
def jumla(a, b):
    return a + b
```

```
def jumla(a, b)
  a + b
end
```

Ya kwanza ni Python. Ya pili ni Ruby: kichwa hakina nukta pacha, kifungu kinafungwa kwa `end`, na thamani inarudishwa bila `return`. Zote zina `def`, zote zimeingia ndani, lakini kwenye Ruby kule kuingia ndani ni adabu ya uandishi tu. Ukiisukuma mistari yote kushoto, Ruby itaendelea kufanya kazi. Ukifanya hivyo kwenye Python, programu inakufa.

Ukikuta `function` pamoja na `end`, fikiria Lua au Julia. Ukiona `local` na `then`, egemea Lua. Ukikuta `function` pamoja na mabano ya kupinda, fikiria kwanza JavaScript au PHP, na PHP hujitaja yenyewe haraka kwa alama ya `$` mbele ya kila jina linalobeba thamani.

Kundi la mabano ya kupinda ndilo kubwa, na ndiyo sababu bano peke yake halisemi kitu. Tena neno la kutangazia linakata njia. Kotlin husema `fun`, Rust husema `fn`, Go na Swift husema `func`. Hizi mbili za mwisho watu huzichanganya sana, na hutenganishwa na mahali pa aina. Kwenye Go aina hufuata jina bila alama yoyote kati yao, `func jumla(a int, b int) int {`, wakati Swift huweka nukta pacha baada ya jina na mshale kabla ya aina ya jibu, `func jumla(a: Int, b: Int) -> Int {`. Tazama pia herufi: `int` kwa ndogo upande wa Go, `Int` kwa kubwa upande wa Swift. Java, C na C# hazina neno la kutangazia fanksheni kabisa. Aina ndiyo inayotangulia, `int jumla(int a, int b) {`, na hapo itakubidi utafute msaada juu ya ukurasa: `#include` ni ya C na C++, `import java.` inajitaja, `using System;` ni ya C#.

Jambo ambalo ningependa likae kichwani mwa msomaji ni hili: dalili ina nguvu zaidi inapokanusha kuliko inapothibitisha. Wengi wameambiwa kwamba `:=` ni ya Go. Pascal ilikuwa nayo miaka mingi kabla Go haijazaliwa, na Python yenyewe imekuwa nayo tangu toleo la 3.8 la mwaka 2019, ingawa huko hukaa ndani ya usemi mwingine. Mshale `->` nao upo Swift, upo Rust, na upo Python pale mwandishi anapotaja aina ya jibu: `def jumla(a: int, b: int) -> int:`. Kwa hiyo kuuona mshale hakukupi jibu. Lakini kuona fanksheni ikitangazwa kwa `func` kunaiondoa Python moja kwa moja, bila mjadala. Ondoa zisizowezekana moja baada ya nyingine, kisha utafute dalili ya pili inayokubaliana na iliyobaki. Nikiwa na moja tu, siku hizi sitaji jina la lugha.

Yote haya yangekuwa rahisi kama tungekuwa na faili. Picha ina hila zake. Huwezi kujua kwa macho kama nafasi tupu mwanzoni mwa mstari ni nafasi nne au ni kitufe cha Tab, isipokuwa kihariri kimechora alama hafifu mahali pa Tab. Kuna fonti, Fira Code ni mojawapo, ambazo huunganisha alama mbili zikaonekana moja: `!=` inachorwa kama ishara ya hesabu ya kutokuwa sawa, na `->` inakuwa mshale mzima usiokatika. Anayenakili kutoka kwenye picha kama hiyo hutafuta mshale huo kwenye kibodi asiupate, kumbe ni kistari na alama ya kubwa kuliko. Picha ikishatumwa mara kadhaa kwenye simu hupoteza ubora, na vitu vya kwanza kupotea ni vile vidogo: nukta mkato inafanana na nukta pacha, mkato unafutika. Ndiyo maana pia naamini maneno kuliko alama. `func` iliyofifia bado inasomeka.

Rangi nazo zisikudanganye. Kihariri hupaka rangi kufuatana na lugha kinayodhani faili imeandikwa, mara nyingi kwa kutazama herufi za mwisho za jina la faili. Faili ikihifadhiwa kwa jina lisilo lake, rangi zitakuwa za lugha nyingine. Kabla ya rangi, angalia kingo za picha, pale watu wanapopasahau: jina la faili juu kwenye kichupo, na ule ukanda wa chini ambako kihariri cha VS Code huandika jina la lugha upande wa kulia. Hata hivyo maandishi hayo ni dhana ya kihariri. Yakipingana na mstari wa fanksheni, mimi husimama na mstari.

Na zipo picha zisizo na jibu. Mtu akinitumia hii:

```
print("Habari")
```

nitamwambia wazi kwamba haiwezekani. Ni halali Python, ni halali Lua, ni halali Ruby, R, Julia na Swift. Mtaalamu anayetaja lugha moja hapo amebahatisha, hata akipatia. Kinachofaa ni kuomba mistari zaidi, na hasa ile ya juu kabisa ya faili, kwa sababu wakati wa kukata picha watu hukata kichwa, ilhali huko ndiko yanakokaa `import`, `extends`, `package` na `#include`.

Yule mwanafunzi nilimrudia nikamwomba radhi, nikamweleza ni GDScript. Akaweka Godot, akabandika msimbo, na bado ukakataa. Safari hii hatukubahatisha. Tuliirudia picha tukatafuta majina, si maneno ya lugha bali majina ya vifaa vya Godot vyenyewe, na tukasimama kwenye `CharacterBody2D`. Jina hilo lilikuja na Godot 4, iliyotoka Machi 2023. Kwenye Godot 3 kifaa hicho kiliitwa `KinematicBody2D`, na `move_and_slide` ilidai kupewa kasi ndani ya mabano yake, wakati kwenye picha mabano yale yalikuwa matupu. Tukatazama toleo aliloweka: lilikuwa la 3. Akaliondoa, akaweka la 4, akabonyeza mshale wa kulia kwenye kibodi, na kile kikaragosi kikaanza kutembea.